Picha ya tangazo la ada: kipi cha kutafsiri, kipi cha kuuliza

Kijana wa Morogoro anasoma Stuttgart, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mlipaji ni mjomba wake. Katikati ya Januari kijana anapita kwenye ubao wa matangazo ya chuo, anapiga picha harakaharaka, na jioni anakaa kuitafsiri ili mjomba aende benki. Mfano huu nimeutunga, lakini mitego iliyomo ndiyo ile ile tunayokutana nayo sisi watafsiri kila tunapoletewa karatasi za vyuo vya Ujerumani. Picha inasomeka hivi:

```
Rückmeldung zum Sommersemester 2026
Frist: 15.02.2026 (Zahlungseingang)
Studiengebühr 1.500,00 €
zzgl. Semesterbeitrag 2_4,50 €
Verwendungszweck: Matrikelnummer
Auskunft: Mo–Do bis 12 Uhr
```

Pale penye kistari, mwanga wa simu umeimeza tarakimu.

Mstari wa kwanza ndio unaowapoteza wengi. Ukifungua kamusi, `Rückmeldung` utaambiwa ni mrejesho au majibu. Chuoni ni jambo jingine kabisa: ni mwanafunzi kuthibitisha kwamba anaendelea na masomo muhula ujao, na kwa kawaida uthibitisho wenyewe ni kulipa. Asiyelipa, baada ya kukumbushwa, hufutwa kwenye orodha ya wanafunzi, na kibali chake cha kuishi nchini kimeegemea orodha hiyo. Kwa hiyo mwandikie mjomba: "kuthibitisha kuendelea na masomo". `Sommersemester` nayo usiiite muhula wa kiangazi, maana kiangazi cha Morogoro si cha Stuttgart. Andika muhula wa Aprili hadi Septemba, kwa sababu vyuo vikuu vingi vya huko huuanza tarehe 1 Aprili na kuumaliza 30 Septemba.

Tarehe 15 Februari inaonekana rahisi. Lakini neno lililo kwenye mabano limebeba uzito wote: `Zahlungseingang` ni kuingia kwa malipo. Siku inayohesabiwa ni ile pesa zinapofika kwenye akaunti ya chuo. Siku mjomba alipogongewa muhuri kaunta haihesabiwi. Tafsiri inayosema "mwisho wa kulipa ni tarehe 15" itamfanya mjomba aende benki tarehe 13 kwa moyo mweupe, na pesa kutoka Tanzania zikapita benki moja au mbili njiani kwa siku kadhaa za kazi. Tena fungua kalenda: 15 Februari 2026 ni Jumapili. Malipo ya aina hii hayaingii Jumapili, hivyo siku ya mwisho ya uhakika ni Ijumaa tarehe 13. Je, chuo kitakubali pesa zikiingia Jumatatu? Huenda kanuni zake zinaruhusu, huenda hapana. Hilo haliko kwenye picha, wala ufundi wa lugha hauwezi kulijua. Ni la kuuliza.

Kwenye kiasi, kumbuka kwamba Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta na senti kwa mkato, kinyume cha tulivyozoea. `1.500,00` ni yuro elfu moja na mia tano. Ukiacha tarakimu kama zilivyo, mjomba anaweza kuona yuro moja na nusu akadhani umekosea kuandika. Ziandike kwa maneno pia. Kiasi chenyewe kinaingia akilini: vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini jimbo la Baden-Württemberg, ambamo Stuttgart imo, lilianza kuwatoza wanafunzi wa kimataifa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu Oktoba 2017. Wapo wanaosamehewa. Kama kijana wetu ni mmojawapo, tangazo la ubaoni halitamwambia. Jibu limo kwenye barua aliyoandikiwa yeye binafsi.

Halafu kuna `zzgl.`, herufi nne ndogo ambazo macho huziruka. Maana yake ni "na juu yake kuna". Kama pangeandikwa `inkl.`, mchango wa muhula ungekuwa tayari ndani ya ile 1,500. Herufi hizo zinahamisha zaidi ya yuro 200. Na mchango wenyewe ni 2_4,50. Kishawishi hapa ni kukumbuka muhula uliopita ulikuwa kiasi gani na kujaza pengo. Usijaze. Mchango huo hubadilika, hasa pale usafiri wa wanafunzi uliomo ndani yake unapopanda bei. Mtafsiri anayejua kazi huandika [haisomeki] palepale penye pengo, ili msomaji alione. Tafsiri iliyonyooka bila pengo wakati picha ina pengo ni tafsiri mbovu, hata Kiswahili chake kiwe kitamu vipi.

Mstari wa tano unahitaji maelezo kwa mtu wa Tanzania. Sisi tumezoea kontroo namba: ukiiingiza, mfumo unajua nani analipa na analipia nini. `Verwendungszweck` ni nafasi tupu tu ya maelezo ya malipo, na humo unaandika namba ya usajili ya mwanafunzi. Ukikosea tarakimu moja, hakuna mashine ya kukukatalia. Pesa zinaingia, ila hazina mwenyewe. Namba ya akaunti, ile IBAN, ina kinga kidogo. Tarakimu mbili zinazofuata `DE` ni za ukaguzi, na tarakimu moja ikibadilika, 3 ikasomwa 8 kwa mfano, hesabu inagoma. Lakini hesabu ikikubali inaonyesha kwamba namba imeundwa sawasawa, haionyeshi kwamba akaunti ni ya chuo. Binafsi sinakili namba ya akaunti kutoka kwenye picha hata kama imetoka safi. Naitaka kutoka ukurasa wa mwanafunzi mwenyewe, anaoingia kwa nywila yake.

Mstari wa mwisho ni wa saa za kuuliza maswali, Jumatatu hadi Alhamisi, na hapo Kiswahili chenyewe kina mtego. `12 Uhr` ni saa sita mchana. Ukiandika "mpaka saa 12", mjomba ataelewa saa kumi na mbili jioni. Na akitaka kupiga simu yeye mwenyewe, saa sita mchana ya Stuttgart mwezi Januari ni saa nane mchana Morogoro.

Ujumbe uliokwenda kwa mjomba ulikuwa hivi: "Shikamoo mjomba. Ada ni yuro elfu moja na mia tano, na juu yake mchango wa muhula yuro 2[haisomeki]4 na senti 50. Pesa ziwe zimeingia kwa chuo kabla ya Ijumaa tarehe 13 Februari kuisha. Kesho asubuhi nakwenda ofisi ya wanafunzi kuuliza tarakimu iliyofichika na namba ya akaunti. Naomba usitume kitu mpaka nikuandikie tena."

Mjomba alijibu marahaba, kisha akauliza jambo ambalo tangazo halikuligusa: makato ya benki analipa nani? Swali zuri. Benki za njiani zikikata yuro ishirini, chuo kinapokea pungufu na kinahesabu malipo hayajakamilika. Kwenye fomu ya kutuma pesa nje kuna sehemu ya kuchagua mbeba gharama, na mjomba atie alama kwenye `OUR`, yaani gharama zote kwa mtumaji. Baada ya siku chache kijana afungue ukurasa wake wa chuo aone kama deni limesoma sifuri, kwa kuwa hata kwa `OUR` senti huweza kudondoka njiani, na pungufu dogo hufidiwa kirahisi kukiwa bado na wiki mbili mkononi.