Kuupata wimbo wa msanii wa ufunguzi kwa tarehe, ukumbi na orodha za nyimbo

Msanii wa ufunguzi ni yule anayepanda jukwaani kabla ya msanii mkuu. Kwa kawaida hupewa nusu saa hivi, yaani nyimbo tano hadi nane, na jina lake kwenye bango huwa dogo au halipo kabisa. Kwa hiyo wimbo wake ukikunasa, usianze na jina. Anza na usiku wenyewe.

Tarehe ndiyo inayoponza watu wengi. Tuseme umerushiwa video ya shoo ya Ngome Kongwe, Zanzibar, na faili linaitwa `VID-20200214-WA0007`. Hiyo 14 Februari ni siku ya WhatsApp, si siku ya kurekodiwa. Kama video ilipigwa jioni ya Alhamisi, tamasha la Sauti za Busara lilipofunguliwa, tarehe unayoitaka ni 13 Februari 2020. Muombe aliyerekodi akuangalizie faili la asili kwenye simu yake. Ukiuliza watu, chunga pia: mzee wa Mji Mkongwe akikwambia "usiku wa Ijumaa", huenda anakusudia Alhamisi baada ya magharibi, na kumbukumbu za mtandaoni hazihesabu hivyo.

Kisha tazama ni ukumbi wa aina gani. Kama ni ukumbi mkubwa wenye msanii mkuu mmoja, fungua setlist.fm, tovuti ya orodha za nyimbo zilizopigwa kwenye shoo, tafuta shoo yake ya tarehe hiyo, halafu ubonyeze jina la ukumbi. Utaona nani wengine wameandikwa siku hiyo hiyo, kila mmoja na orodha yake. Orodha ya mfunguzi ikiwa tupu, usikate tamaa: wakiwa kwenye ziara, wafunguzi hurudia nyimbo karibu zile zile, hivyo soma orodha zake za usiku uliotangulia na uliofuata.

Tamasha ni jambo jengine. Ngome Kongwe kila kikundi kina saa yake na hakuna ziara inayowafunga pamoja, kwa hiyo shoo za jirani hazikusaidii sana. Hapo ratiba ya tamasha ndiyo mkombozi: saa ya video inakupa kikundi, na kikundi kinakupa albamu za kusikiliza. Ukumbi wenyewe utafute kwa majina yote mawili, Ngome Kongwe na Old Fort, maana orodha hizi huandikwa na mashabiki na kila mmoja huandika anavyojua.

Shabiki asiyeujua wimbo huacha pengo au huandika `Unknown`. Hapo hesabu nafasi: wimbo wako ulikuwa wa pili au wa mwisho? Linganisha na orodha nyengine ya msanii huyo, kisha sikiliza kiitikio, usitegemee mwendo, kwani jukwaani wimbo huweza kuharakishwa.

Na kama kilichofungua ni kikundi cha taarab asilia, huenda ulichosikia mwanzo ni bashraf, muziki wa ala tupu. Kutafuta kwa maneno hakutakufikisha popote; mpelekee mpiga fidla au kanuni kipande cha video, asikilize tuni.