Qui, que na dont: kinachoamua ni kazi ndani ya kishazi

"Katika Kifaransa, qui ni ya watu na que ni ya vitu, sivyo?"

La, kinachoamua ni kazi ya kiwakilishi hicho, qui au que, ndani ya kishazi chake. Kitabu ni kitu, lakini husemwa "le livre qui est sur la table", kwa kuwa qui ndicho kiima cha est. Katika "le livre que je lis", kiima ni je, na que ni yambwa ya lis. Katika Kiswahili tofauti hii hujificha, maana "kitabu kilicho mezani" na "kitabu ninachokisoma" hubeba -cho- ile ile, inayofuata ngeli tu.

Ili kuhakiki, irudishe nomino ndani ya kishazi: "je parle de ce livre", yaani "ninazungumzia kitabu hiki", ina de, na dont hushika nafasi ya de pamoja na nomino yake, kwa hiyo tunapata "le livre dont je parle". Kutazama neno linalofuata pekee hupotosha, kwani katika "le livre qui m'intéresse", m' ni yambwa, si kiima.

Dhana kwamba qui ni ya watu, hata hivyo, haikuzuka bure: baada ya kihusishi kama à, qui huhusu watu, kama katika "la femme à qui je parle", yaani "mwanamke ninayezungumza naye", ilhali kitabu huhitaji auquel.