Winga wa mtandaoni: cha juu cha 18,000 kinapobaki 2,700

Dada mmoja wa Tabata alikuja kwenye dawati letu la ushauri wa biashara ndogo akiwa na daftari la kurasa mbili tu. Anauza blenda Instagram. Blenda si zake: ziko kwenye duka la mtu Kariakoo, yeye anaweka picha, anapokea oda, anamlipa mwenye mzigo, na boda anatoka dukani moja kwa moja kwenda kwa mteja. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwezi mzima nimeuza, mbona hela siioni?"

Biashara hii vijana wa mtandaoni wanaiita dropshipingi, na kuna wanaouza mafunzo yake kama jambo jipya lililotoka ng'ambo. Kariakoo inajulikana siku nyingi. Ni uwinga. Winga husimama barabarani, humshika mteja, humpeleka kwenye duka la mwingine na kuweka cha juu chake juu ya bei ya mwenye duka. Tofauti iko sehemu moja, nayo ni kubwa kuliko inavyoonekana: winga wa barabarani anamwona mteja akiishika bidhaa, akiichomeka kwenye umeme na kuondoka nayo. Winga wa mtandaoni haoni lolote kati ya hayo, lakini hela imeingia kwenye simu yake.

Turudi kwenye daftari. Bei ya dukani ilikuwa shilingi 60,000, yeye akauza 78,000. Cha juu 18,000. Alipata oda 20, akazidisha kichwani, akaona 360,000. Ndiyo namba aliyokuwa anaitafuta na haionekani.

Tulianza kupunguza taratibu. Kwenye tangazo alikuwa ameandika "usafiri bure Dar nzima, unalipa mzigo ukifika". Boda kwa wastani alimtoza 5,000. Kwa hiyo kila blenda iliyopokelewa haikuacha 18,000 bali 13,000. Kati ya oda 20, wateja 16 walipokea. Wanne waliobaki ni wale unaowajua: mmoja hapokei simu, mwingine amesafiri ghafla, wa tatu mume amekataa, wa nne alikuwa anaulizia bei tu. Kwa kila mmoja wao boda alilipwa kwenda na kurudi, yaani 10,000. Wale 16 walileta 208,000, hawa wanne wakala 40,000, zikabaki 168,000.

Kisha matangazo ya kulipia, 60,000. Bando, 20,000. Gharama za kutuma na kutoa hela, ambazo katika daftari zilikuwa kama 1,500 kwa kila oda iliyolipwa, jumla 24,000. Zimebaki 64,000. Mwishowe jagi moja lilikuwa linavuja. Mwenye mzigo alikubali kubadilisha, ila boda wa kuichukua mbovu na kupeleka nzima si juu yake. Elfu kumi nyingine. Mwezi umeisha na 54,000, ambazo ukizigawa kwa oda 20 ni 2,700 kwa kila oda aliyoihangaikia.

Na hapo alikuwa na bahati. Karatasi nyingi za risiti mjini zimeandikwa chini kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye mzigo angeshikilia maneno hayo, dada huyu angemrudishia mteja 78,000 kutoka mfukoni, angelipa boda 5,000 wa kuichukua, na mwezi ungeisha kwa hasara ya 19,000. Jagi moja lingekula kazi ya wateja kumi na tano. Mteja hamjui mwenye duka. Anakujua wewe uliyepokea hela yake, na mauziano ni kati yake na wewe. Huwezi kumwambia akagombane na mtu ambaye ulimficha makusudi.

Mwezi uliofuata alibadilisha jambo moja tu. Aliandika kwamba mteja analipia usafiri kabla boda hajatoka, halafu bei ya bidhaa analipa akiiona. Oda zilishuka kutoka 20 hadi 14, naye akaogopa. Lakini aliyekataa mzigo alikuwa mmoja, na hata huyo alikuwa ameshalipia safari ya kwenda, ikabaki 5,000 ya kurudi. Blenda 13 zilizopokelewa zilileta 234,000. Ukitoa hiyo 5,000, matangazo na bando vilevile 80,000, miamala 19,500, na 10,000 ya bidhaa moja mbovu, zimebaki 119,500. Oda zimepungua sita, faida imezidi mara mbili. Mtu anayekataa kutuma elfu tano ya boda, mara nyingi alikuwa hanunui tangu mwanzo.

Hilo ni la Dar. Mikoani ndipo winga anapopoteza usukani kabisa. Mteja yuko Mwanza, mzigo unapanda basi, na wewe kitu pekee ulichonacho ni ujumbe wa kijana wa dukani: "Imeshatoka dada." Neno "imeshatoka" lina maana nyingi. Inaweza kuwa imetoka kwenye rafu, inasubiri foleni ya kufungashwa. Inaweza kuwa imetoka kwenda kwa mteja mwingine aliyefika dukani na hela mkononi, na yako itatoka kesho mzigo mpya ukiingia. Wakati huo umeshamwahidi mteja kwamba kesho asubuhi aende ofisi ya basi.

Ahadi ya siku usiitoe kabla ya kushika vitu viwili kwenye simu yako. Cha kwanza ni picha ya bidhaa ndani ya boksi lililo wazi, karatasi yenye jina la mteja ikiwa juu yake, kabla selotepu haijapita. Hapo utaona kama rangi ni ileile na kama jagi na kifuniko vimo. Cha pili ni picha ya stakabadhi ya mzigo kutoka ofisi ya basi, yenye tarehe na jina la mpokeaji. Kijana wa dukani anayesema hana muda wa kupiga picha mbili amekuonyesha utaratibu wa duka lake mapema, mshukuru.

Picha ya boksi lililo wazi inafichua jambo jingine pia. Wenye mzigo wengine huweka kadi ya duka lao ndani. Mteja akifungua, anakuta namba, anapiga, anaambiwa bei ni 60,000. Umemtangazia mtu bure, na mteja anakuona mwizi. Kubalianeni mapema kwamba mzigo wako unatoka bila kadi na bila karatasi ya bei, na mara moja moja muulize mteja kwa upole alikuta nini ndani. Tena, jina, namba na mahali anapoishi mteja alikupa wewe kwa ajili ya mzigo ule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, kwa hiyo orodha ya wateja haipaswi kuzunguka kwenye magrupu ya mabodaboda na vijana wa stoo.

Sasa mwenye mzigo mwenyewe. Kosa ninaloliona zaidi ni winga kuchukua mzigo kwa winga mwenzake bila kujua. Dalili zake hazijifichi. Ukiuliza kama ipo, anakuambia "subiri nikucheki". Picha zake kila moja ina ukuta tofauti na sakafu tofauti. Ukiuliza bei ya katoni, anababaika, au bei ya kumi ni ya moja mara kumi. Mwenye mzigo wa kweli anajua katoni ina blenda ngapi na anajua bei ya jumla bila kumpigia mtu. Mwombe akurekodi video fupi ya stoo huku ameshika karatasi yenye jina lako. Kukiwa na mawinga wawili katikati, cha juu kinagawanywa, na siku jagi likivuja kila mmoja anamwonyesha mwenzake.

Akipita hapo, nenda dukani kwa miguu kama unaweza. Angalia kama jina linalotokea ukilipa kwa lipa namba linafanana na jina la duka au la mwenye duka, na kama risiti ya mashine ya EFD inatolewa. Halafu mtume ndugu yako anunue moja kama mteja wa kawaida. Kwa blenda, itie maji, iwashe, iache dakika moja, angalia chini ya jagi. Soma kibandiko: umeme wetu ni volti 230. Tazama plagi, mizigo mingine huja na plagi ya pini bapa za nchi ilikotengenezwa, na mteja wa Morogoro atapokea kitu asichoweza kuchomeka. Na kama jina la kampuni kubwa limeandikwa kwa herufi iliyokosewa kidogo, achana nayo. Bidhaa bandia zinafuatiliwa na Tume ya Ushindani, FCC, na kusema "mimi nilikuwa winga tu" hakukutoi kwenye mauziano uliyoyafanya.

Makubaliano ya kurudisha yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: siku ngapi, kwa kasoro gani, na boda analipwa na nani. Mwenye mzigo anayekubali kila kitu kwa mdomo na kugoma kuandika sentensi tatu ni yule ambaye risiti yake inasema hairudishwi.

Hata akiwa mwema, usimtegemee peke yake, na wa pili asiwe jirani yake. Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgomo, mawinga wa mtandaoni waliokuwa wakichukua mzigo kwenye maduka mawili ya mtaa mmoja walijikuta hawana hata moja, huku matangazo waliyolipia yakiendelea kuleta oda.

Wanaoagiza kwa wauzaji wa China ili mzigo uende moja kwa moja kwa mteja, kwa mtaji mdogo siwashauri. Safari ni ndefu, forodha inaweza kumdai mteja ushuru ambao hukumwambia, na hakuna boda wa kurudisha jagi Guangzhou.

Bado kuna kodi, na hapa dada wa Tabata alishtuka kuliko kwenye boda. Kodi ya mfanyabiashara mdogo asiye na vitabu vya hesabu hukadiriwa kwa mauzo, si kwa cha juu. Kwa mwezi ule wa kwanza, blenda 16 kwa 78,000 ni 1,248,000 zilizopita kwenye simu yake. Ukienda hivyo mwaka mzima ni karibu milioni 15 za mauzo, wakati yeye mkononi alishika 54,000 kwa mwezi. Njia moja ya halali ni kuandikiana na mwenye duka kwamba yeye ndiye muuzaji: mteja analipa kwenye lipa namba ya duka, duka linatoa risiti, na winga analipwa kamisheni. Lakini hapo mteja anajua duka. Huwezi kumficha mwenye mzigo na wakati huohuo useme mauzo si yako. Chagua moja kabla hujaenda TRA kuchukua TIN, na waeleze kazi yako ilivyo.

Yeye alichagua kubaki muuzaji. Ile 119,500 aliongezea mia tano akanunua blenda mbili za aina iliyokuwa ikitoka zaidi. Ziko sebuleni kwake, kila moja ameijaribu kwa maji kabla ya kuirudisha kwenye boksi, na oda ya Tabata au Segerea anaifunga mwenyewe.