Anza na vistari, f zitafuata: kusafisha maandishi ya vitabu vya kale vya Kifaransa

Ukifungua maandishi ambayo kompyuta imeyasoma kutoka kwenye picha za kitabu cha Kifaransa cha karne ya 18, macho yatavutwa kwanza na f zilizozagaa: *payfans*, *fage*, *feul*. Nyingi ni s. Wachapaji wa enzi hizo walikuwa na s ndefu (ſ) ya mwanzoni na katikati ya neno, na s ya kawaida ya mwishoni. Wengi huanza kwa kurekebisha hizo. Mimi huanza na vistari vya mwisho wa mstari, kwa sababu neno lililokatwa vipande viwili huwezi kulitafuta kwenye orodha yoyote.

Nimetunga mfano huu:

```
Les payfans avoient per-
du leur récolte, & peut-
être ne fça-
voient que faire.
```

Njia ya mkato katika Python, maandishi yakiwa ndani ya t, ni kufuta kila kistari cha mwisho wa mstari:

```
re.sub(r"-\n", "", t)
```

*Perdu* linatoka salama, lakini unapata pia *peutêtre*, neno ambalo halipo. Kifaransa kina vistari vyake halali, kama katika *dit-il* na *c'est-à-dire*, navyo huangukia mwisho wa mstari vilevile. Kamusi ya leo haifai kuamua, maana haina *avoient* wala *sçavoient*. Akademia ya Ufaransa iliingiza tahajia ya *avaient* katika kamusi yake mwaka 1835.

Shahidi bora ni kitabu chenyewe. Nakusanya maneno yote yaliyochapwa mazima katikati ya mistari, kisha kwa kila neno lililokatwa natazama kama kwingineko limeungana au lina kistari. Hata *fçavoient* hupatikana hivyo, kwa kuwa kompyuta hurudia kosa lilelile la f. Neno lisilo na mwenzake naliwekea alama, nikaangalie picha. Kabla ya hapo lazima uondoe vichwa vya kurasa na lile neno la chini ya ukurasa lililomwonyesha mfungaji wa kitabu ukurasa unaofuata unaanzaje, la sivyo vitakaa katikati ya neno lililokatwa.

Herufi zilizomwagwa kwa risasi moja, kama ﬁ na ﬂ, hurudi kuwa mbilimbili kwa NFKC, kanuni ya Unicode ya kusawazisha herufi:

```
t = unicodedata.normalize("NFKC", t)
```

Hifadhi nakala kwanza, kwani amri hiyo hugeuza pia ſ kuwa s, na ſ iliyosomwa sawasawa ni ushahidi. Muungano wa ct hautibiki hivyo: mara nyingi husomwa d.

Sasa ndipo f. *Payfans* si neno na *paysans* ni neno, basi badilisha. F ya mwisho, kama ya *chef*, iache. Kazi ngumu ni *font* na *sont*, *foi* na *soi*, ambayo yote ni maneno halali. Hapo soma sentensi, kisha kuza picha: kijiti cha f hukata shina pande zote mbili, cha ſ hutokeza kushoto tu. Wino ukiwa umevuja, hata picha haitoshi, nami huandika neno lililosomwa na kuacha alama ya shaka.