Prizi ya saa na klimatizeri: kwa nini asubuhi hairudi kuwaka

Lubumbashi inapopata joto, Septemba na Oktoba kabla ya mvua, maofisi mengi hujaribu ujanja huu: klimatizeri inachomekwa kwenye prizi ya saa, au ile ya wifi, ili izimike jioni na kuwaka yenyewe saa moja asubuhi. Jioni inazimika vizuri. Asubuhi umeme unafika, taa ndogo inawaka, lakini hewa baridi haitoki.

Prizi haina kosa hapo. Klimatizeri ya telekomandi ina kadi ya elektroniki, na nyingi zikipata umeme upya hubaki zimelala zikingoja amri. Nyingine hukumbuka hali yake ya mwisho na kurudi kazini. Kujua yako ni ya aina gani, iache ifanye kazi, shusha dijonkteri yake, ngoja dakika tano, kisha ipandishe. Ikibaki kimya kwa dakika nyingine tano, prizi ya saa haitaiamsha kamwe.

Inayorudi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tuchukue ya BTU 12,000 isiyo ya inverta. Ikishatulia hula wati kama 1,100, yaani ampea tano kwenye volti 220, na prizi imeandikwa 16. Hesabu inaonekana salama, sivyo? Lakini kompresa inapoanza kuzunguka, kwa kitambo kifupi huvuta ampea 25 au zaidi, na ile 16 mara nyingi huhesabiwa kwa mzigo kama pasi, si mota. Cheche hula vidole vya chuma vinavyogusana ndani ya prizi. Mwishowe vinashikana, simu inasema imezima huku mashine inanguruma, au plastiki inageuka kahawia na kunuka. Ukiona hivyo, usiirudishie prizi hiyo kazi yoyote.

Kompresa nayo ina shida yake. Ukiikatia umeme ikiwa kazini, gesi hubaki na shinikizo kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili, na kusawazika huchukua kama dakika tatu. Umeme wa SNEL ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza dhidi ya shinikizo hilo: inaguna, haizunguki, nyaya zake zinachemka mpaka kinga ya joto iikate. Kadi nyingi huchelewesha dakika hizo tatu zenyewe. Mashine za zamani za dirishani, zenye vifundo, hazicheleweshi.

Kwa hiyo acha umeme ubaki, utume amri. Saa iliyo ndani ya telekomandi inatosha pale ambapo umeme haukatiki usiku, kwa kuwa ukikatika mpangilio huo kwa kawaida hufutika. Prizi ya saa ya kuzungusha kwa mkono nayo husimama umeme ukiondoka, kisha inachelewa kwa muda uleule. Kinachofaa zaidi hapa kwetu ni kifaa kidogo cha wifi kinachotuma mwanga wa telekomandi, kikae mbele ya klimatizeri bila kizuizi. Modemu nayo iwashwe, la sivyo simu haitakifikia.