Nafasi ni ile ile, jekipoti inapandaje?

"Kama nafasi ya kushinda bahati nasibu haibadiliki, mbona jekipoti wiki hii ni ndogo, halafu baada ya mwezi imekuwa mara tano?"

Kwa sababu jekipoti ni kapu la michango. Linajaa kwa tiketi zinazouzwa na kwa droo zilizopita bila mshindi, kisha linagawanywa kwa waliopatia, wawe mmoja au ishirini.

Mimi mwenyewe nililikosea swali hili kwa muda mrefu, tena kwa kujiamini. Nilikuwa nikieleza kijiweni kwamba mchezo ukiwa mgumu mara milioni arobaini, basi zawadi yake lazima iwe kubwa kwa kiasi hicho hicho, na kwamba kuna mtu ofisini anapiga hesabu hiyo. Kosa langu lilitoka kwenye mkeka. Sisi tuliozoea kubeti mpira tunafikiri kwa odi. Chukua mechi tatu zenye odi 2.10, 1.80 na 3.00. Ukizizidisha unapata 11.34, kwa hiyo ukiweka shilingi 1,000 na mkeka usichanike, unalipwa 11,340 kabla ya kodi. Jirani yako akiwa na mkeka uo huo, naye analipwa 11,340. Hata mtaa mzima ukiupatia, malipo yako hayapungui, na anayeumia ni kampuni. Hapo ugumu kweli ndio unaopanga bei.

Bahati nasibu ya namba haiendeshwi hivyo. Sehemu ya mauzo, mara nyingi karibu nusu, hutengwa kwa zawadi, na kipande cha hiyo sehemu huingia kwenye jekipoti. Ni kama pilau ya harusi. Ukubwa wa sufuria unatokana na michango, na ukubwa wa sahani yako unatokana na wageni waliofika. Ugumu wa kupata kadi ya mwaliko hauongezi mchele hata punje. Mchezo mgumu kupindukia wenye wateja elfu mbili utakuwa na jekipoti ya kuchekesha, isipokuwa mwendeshaji ameahidi kiwango cha chini na yuko tayari kujazia upungufu mwenyewe au kwa bima. Wengine hufanya hivyo, hasa mchezo unapoanza, kwa sababu kapu tupu halivuti mtu.

Basi ugumu una kazi gani? Tuuchukue mchezo wa PowerBall wa Afrika Kusini ulivyokuwa mwaka 2020. Unachagua namba tano kati ya 50, na moja ya ziada kati ya 20. Michanganyiko yote inayowezekana ni 42,375,200.

Fikiria ukumbi wenye viti 42,375,200, kila kiti kikiwa mchanganyiko mmoja. Kila tiketi ni mtu anayeingia amefungwa kitambaa machoni na kuketi popote alipopapasa. Droo ikifanyika, kiti kimoja kinatajwa. Kikiwa kitupu, kapu linasogezwa kwa droo inayofuata. Akiwamo mtu mmoja, analibeba lote. Wakiwa wamepakatana watatu, wanakata mafungu matatu.

Sasa ingiza watu milioni 10. Karibu viti nane katika kila kumi vinabaki wazi, kwa hiyo mara nyingi kiti kitakachotajwa hakina mtu na fedha zinalala. Hivyo ndivyo jekipoti inavyopanda wiki baada ya wiki huku nafasi yako ikiwa ile ile. Ingiza watu sawasawa na idadi ya viti, milioni 42 na ushee. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa kudhani kila kiti sasa kina mtu. Wapi! Kwa kuwa hawaonani, wengine wameketi mapajani mwa wenzao, na viti kama 37 katika kila 100 bado vitupu. Hata ukiwaongeza mara mbili, 13 au 14 katika kila 100 havina mtu.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hutajwa mara chache. Ukumbi ukiwa na watu sawasawa na viti, na kiti chako ndicho kilichotajwa, kwa wastani utaondoka na asilimia 63 tu ya kapu, kwa sababu huenda hukuketi peke yako. Watu wakiwa mara mbili ya viti, wastani unashuka hadi 43. Na watu hufurika hasa jekipoti inapokuwa kubwa. Habari ya kapu kubwa ndiyo inayoleta wa kugawana nalo.

Waendeshaji wanalijua hili, na wakitaka vichwa vya habari huongeza viti. Oktoba 2015, Powerball ya Marekani ilibadili idadi ya namba, na michanganyiko ikapanda kutoka milioni 175 hadi 292,201,338. Ugumu mpya haukuweka dola hata moja kapuni. Ulichofanya ni kuacha viti vingi zaidi vitupu, fedha zikawa zinalala droo nyingi zaidi. Januari 13, 2016, jekipoti ilitangazwa kuwa dola bilioni 1.586, na tiketi tatu zikaigawana. Kiasi kinachotangazwa kule ni jumla ya malipo ya awamu 30 kwa miaka 29. Fedha taslimu zilizokuwepo kwa wote watatu zilikuwa karibu dola milioni 983.

Hesabu yangu ya ukumbi ina tundu moja: watu hawafungwi kitambaa. Wanachagua tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo viti vya namba zisizozidi 31 vinajaa, na wanapenda namba zilizopangika. Desemba 1, 2020, droo ya Afrika Kusini ilitoa 5, 6, 7, 8, 9, na namba ya ziada ikawa 10. Watu walipiga kelele za wizi, ingawa mfuatano huo una nafasi moja katika 42,375,200 kama mwingine wowote. Kituko, kwangu, hakikuwa kwenye mipira bali kwenye kiti: tiketi 20 zilikuwa zimeketi hapo. Kapu la kama randi milioni 114 likakatwa, kila moja ikapata milioni 5.7. Walichokuwa wanawaza walipochagua hatukijui. Kinachoonekana ni kwamba kwa kupapasa tu, hata kama zingeuzwa tiketi mara mbili ya viti, kiti hicho kingetarajiwa kuwa na watu wawili, wala si ishirini.

Laiti ingetoka 3, 17, 34, 41, 48, huenda mtu mmoja angebeba milioni zote 114, au zingelala hadi droo inayofuata. Ugumu ni ule ule kabisa, na mwendeshaji alikuwa anatoa kapu lile lile kwa vyovyote.

Kulikuwa pia na tiketi 79 zilizopatia 5 hadi 9 zikakosa ile 10 tu. Zawadi ya ngazi hiyo nayo ni kapu la kugawana. Kila moja ililipwa randi 6,283.