Kani ya riba inayobadilika: makosa ninayokutana nayo kwenye madaftari

Msimu wa korosho hapa Masasi, hata maswali yangu ya hesabu huanza na hela za mnada. Juzi niliwapa vijana wa tuisheni hili: mkulima ameweka shilingi 1,000,000 kwa miaka 3. Kani ya riba, yaani kasi ambayo kila shilingi iliyomo inakua kwa dakika ile ile, ni

δ(t) = 0.03 + 0.006t²

ambapo t ni miaka tangu akaunti ifunguliwe. Akaunti ni ya kubuni, msiende kuitafuta benki.

Dhana: chukua kani ya mwanzo na ya mwisho, gawa kwa mbili, zidisha kwa miaka.

Wengi walifanya hivyo. Mwanzo ni 0.03, mwisho ni 0.084, wastani 0.057, mara 3 ni 0.171, na e^0.171 ikawapa shilingi 1,186,491.

Ukweli: njia hiyo ni sahihi kani ikipanda kwa mstari ulionyooka tu. Hii yetu inajivuta mwanzoni, kisha inakimbia. Ipime katikati: mwaka 1.5 kani ni 0.0435, chini kabisa ya ule wastani wao. Ni kama basi la Mtwara kwenda Lindi: huwezi kujua umbali kwa kutazama kipimamwendo mara mbili, stendi na mwisho wa safari. Lazima ujumlishe kila kipande cha mwendo, na kujumlisha huko ndiko integrali:

∫₀ᵗ δ(s) ds = 0.03t + 0.002t³

Kwa t = 3 tunapata 0.09 + 0.054 = 0.144. Limbikizo la kila shilingi ni a(3) = e^0.144, kwa hiyo mkulima ana shilingi 1,154,884. Wale vijana walimwongezea zaidi ya elfu 31 ambazo hakuna wa kumlipa.

Dhana: miaka 2 ni miaka 2, a(2) inatosha popote.

Hii ndiyo inayowanasa hata wanaointegra vizuri. Niliuliza: shemeji yake akiweka milioni yake kwenye akaunti hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa mwaka wa 3 atakuwa na ngapi? Binti mmoja akajibu haraka, "Mwalimu, si a(2)?" Akatoa 1,078,963.

Ukweli: a(2) ni ya aliyeanza siku ya kwanza. Shemeji aliingia wakati kani imeshapanda, hivyo integrali yake inaanzia 1 hadi 3: 0.144 − 0.032 = 0.112. Anapata e^0.112, yaani shilingi 1,118,513. Ukipenda, gawanya a(3) kwa a(1), jibu ni lile lile. Mkato wa a(2) unafaa pale tu kani isipobadilika.

Yule binti alifuta, akaandika upya mipaka ya integrali, safari hii kwa kalamu nyekundu.